Kagua Mshono wa Bawaba Kabla Geti Halijapakwa Rangi

Hivi karibuni niliitwa Kisauni kutazama geti lililoachia bawaba ya juu na kuegemea ukuta. Mshono wa kuchomelea ulikuwa umebaki wote kwenye tyubu ya fremu, mzima kabisa, ilhali pipa la bawaba, yaani silinda yake ya chuma, lilikuwa limechomoka safi, na mistari ya mashine ya kerezo bado ilionekana juu ya chuma chake. Chuma kilichoyeyuka kililala juu ya pipa lile bila kushikamana nalo. Rangi nyeusi na fila vilikuwa vimelificha kosa hilo tangu siku geti lilipofungwa.

Kosa hili lina sababu inayoeleweka. Tyubu za mraba zinazotumika kwenye mageti ya nyumbani mara nyingi zina unene wa milimita 1.5 hivi, na pipa la bawaba ni chuma kizito kinachonyonya joto haraka. Fundi anapohofia kutoboa tyubu hupunguza umeme wa mashine, na matokeo yake ni kwamba upande mwembamba unayeyuka vizuri lakini ule mzito haupati joto la kutosha. Fundi mzoefu huelekeza moto zaidi kwenye pipa, kisha huuvuta kidogo tu kuelekea tyubu. Lililo bora zaidi, kwa maoni yangu, ni kuchomelea kwanza kipande cha bapa chenye unene wa milimita 4 au 5 kwenye tyubu, halafu bawaba ishikwe kwenye bapa hilo.

Bawaba ya juu ndiyo ya kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa hiyo ndiyo inayovutwa, wakati ya chini inasukumwa kuelekea nguzo. Chukua bawa la geti lenye upana wa mita 1.5 na uzito wa kilo 80, ambalo bawaba zake zimeachana kwa mita 1.5. Uzito wake unakaa katikati, yaani sentimita 75 kutoka kwenye bawaba, kwa hiyo bawaba ya juu inavutwa pembeni kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 40. Mtoto wa kilo 30 akining'inia kwenye ncha ya geti, kama watoto wafanyavyo, mvuto huo unafika kilo 70, na hapo hatujahesabu geti linapobamizwa na upepo.

Mwombe fundi akuite kabla ya kupaka praima. Mshono uwe umegongwa gome lake lote, lile ganda linaloachwa na rodi juu ya mshono, na kusuguliwa kwa brashi ya waya, kwa sababu gome lililobaki linaweza kuficha tundu au ufa. Mulika kwa tochi kutoka ubavuni, si moja kwa moja, ili vivuli vionyeshe umbo. Mshono mzuri huteremka taratibu na kuungana na chuma pande zote mbili. Ule uliovimba kama kamba iliyolazwa juu ya chuma, na kingo zake zikiacha mwanya mwembamba, ni dalili ya kutoshika. Ukiona mfereji uliochimbika kwenye tyubu kando ya mshono, fahamu kwamba moto ulizidi na ukuta wa tyubu umepungua unene mahali hasa panapobeba mzigo. Angalia pia mwisho wa kila mshono, mahali rodi ilipoinuliwa: shimo dogo lenye ufa wa umbo la nyota linapaswa kukatwa na kuchomelewa upya.

Vitundu vidogo kama vya sifongo mara nyingi hutokana na kutu, rangi au mafuta kwenye chuma, au rodi zilizonyonya unyevu. Hapa Mombasa havipaswi kupuuzwa hata vikiwa vichache, kwani hewa ya chumvi na maji ya mvua hupenya ndani ya tyubu, na kutu huanza kula kutoka upande usiofikiwa na brashi ya rangi.

Hata hivyo, jicho haliwezi kuona kilicho chini ya mshono. Ukiwa na shaka, mwombe fundi achomelee mabaki mawili ya chuma cha aina ileile, kwa rodi ileile na bila kugusa kipimo cha mashine, upande mmoja tu. Kipande kikishapoa akibane kwenye jiliti, avae miwani ya kinga, kisha akipige kwa nyundo mpaka kikunjike au kivunjike. Kikichanika katikati ya mshono na kuacha uso wenye chembechembe zisizo na matundu, au chuma chenyewe kikipinda kabla ya mshono kuachia, mshono umeshika. Kikibanduka na kuacha uso laini wa chuma cha awali, mishono yote ya bawaba iliyofanywa kwa kipimo hicho ikatwe kwa grainda hadi kwenye chuma safi, geti likiwa limeegemezwa juu ya magogo, ndipo ichomelewe tena. Kuongeza mshono mwingine juu ya ule wa kwanza hakutibu kitu, kwa kuwa ule wa chini bado haujashika.