Je, wajua kwa nini duka hupunguza bei ya vitu viwili kwa pamoja na bado likapata zaidi?

"Kava ya simu 10,000, protekta ya kioo 9,000, ukichukua vyote viwili 13,500. Muuzaji anapata nini hapo, kama si kuondoa mzigo uliomdodea?"

Anapata faida kubwa kuliko ya awali, hata kama hakuna kilichododa. Kava inauzika peke yake, na protekta vilevile. Faida inatoka mahali pengine kabisa, yaani kwenye tofauti iliyopo kati ya mteja mmoja na mwingine.

Dhana ya kwamba kifurushi kipo ili kizuri kikibebe kibovu imekaa vichwani kwa muda mrefu, na imewahi kufikishwa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Kampuni zilizomiliki haki za filamu za zamani zilikuwa zikiviuzia vituo vya televisheni filamu kwa mafungu. Kituo kikitaka filamu inayopendwa, kilitakiwa kichukue na nyingine zisizo na mvuto. Mwaka 1962 mahakama iliamua kwamba kumlazimisha mnunuzi hivyo ni kinyume cha sheria ya ushindani. Mwaka uliofuata mchumi George Stigler wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982, aliandika maelezo mafupi yaliyoibua swali ambalo wengi hawakuwa wamelifikiria. Kama filamu ya pili haina thamani yoyote kwa kituo, kuiweka kwenye fungu kunamwongezea nini muuzaji? Kituo kina kiasi ambacho kiko tayari kulipa kwa ajili ya filamu nzuri. Ukikibebesha na mbovu, kiasi hicho hakiongezeki hata senti moja. Muuzaji angeweza kuipandisha bei filamu nzuri moja kwa moja na kuachana na usumbufu wa mafungu.

Hoja hiyo inagusa duka lolote. Kitu ambacho mteja hakitaki kabisa hakikuletei pesa kwa kukifunga pamoja na anachokitaka. Kinachobadilika ni ukubwa wa mfuko anaoondoka nao. Ndiyo maana anayefunga maziwa yanayokaribia kuharibika na mkate mara nyingi huishia kuuza mkate kwa bei pungufu. Ili kifurushi kilipe, vitu vyote viwili lazima vitakiwe, ila visitakiwe kwa kiwango kilekile na watu walewale.

Turudi kwenye duka la simu na tuwaweke kaunta wateja wawili. Wa kwanza ni dereva wa bodaboda. Simu yake huanguka mara kwa mara, kwa hiyo kava nzito anaona ina thamani ya 10,000, lakini protekta hatoi zaidi ya 4,000. Wa pili ni mwanafunzi aliyewahi kupasukiwa kioo. Kwake protekta inafika 9,000, na kava ni 5,000 tu. Muuzaji amenunua kava kwa 3,000 na protekta kwa 1,500.

Akiuza kimoja kimoja, bei zinazomlipa zaidi ni zile zile za juu. Kava kwa 10,000 anainunua dereva peke yake, faida 7,000. Angeishusha hadi 5,000 wote wawili wangenunua, lakini faida ingekuwa 4,000 tu kwa jumla. Protekta kwa 9,000 anainunua mwanafunzi peke yake, faida 7,500, na ingeshuka hadi 4,000 faida ya kuwauzia wote wawili ingekuwa 5,000. Kwa hiyo anabaki na bei za juu, kila mteja anaondoka na kitu kimoja, na faida ya siku ni 14,500.

Sasa jumlisha kile ambacho kila mmoja yuko tayari kulipa kwa vitu vyote viwili. Dereva: 10,000 na 4,000, yaani 14,000. Mwanafunzi: 5,000 na 9,000, nayo ni 14,000. Watu waliokuwa mbali sana kwenye kila kitu peke yake wamelingana kwenye jumla. Bei moja ya 13,500 inawafaa wote wawili, na kila mmoja anabakiwa na nafuu ya 500. Muuzaji anapata faida ya 9,000 kwa kila kifurushi, jumla 18,000. Ametangaza punguzo la 5,500 kutoka 19,000, na faida yake imepanda kwa 3,500.

Anayebeba maji kwa mzegamzega anaielewa hesabu hii begani. Ndoo ya mbele ikiwa imejaa na ya nyuma nusu, au ya mbele nusu na ya nyuma imejaa, bega linasikia uzito uleule. Anayeuza kimoja kimoja anapima ndoo, na kila mteja anamletea ndoo tofauti, kwa hiyo hajui bei ipi itawafaa wote. Anayeuza kifurushi anapima bega.

Kila kitu hapo kinategemea ndoo kupishana. Tuseme wateja wetu ni mmoja mwenye nafasi, anayetoa 10,000 kwa kava na 9,000 kwa protekta, na mwingine anayehesabu kila shilingi, anayetoa 5,000 na 4,000. Jumla zao ni 19,000 na 9,000. Ukiweka kifurushi kwa 19,000 unampata mmoja na faida ya 14,500. Ukishuka hadi 9,000 unawapata wote wawili na faida inakuwa 9,000. Hakuna bei ya kifurushi inayoleta faida zaidi ya 14,500 uliyokuwa ukiipata kwa kuuza kimoja kimoja. Wateja wanapotofautiana kwa uwezo wa mfuko tu, na si kwa mahitaji, kufunga vitu pamoja hakuongezi chochote.

Gharama ya kitu cha pili nayo ina nguvu kubwa. Vifurushi vya simu, vyenye dakika, SMS na MB kwa bei moja, vinafanya kazi vizuri kwa sababu kampuni haipotezi kitu cha maana mteja asipozigusa SMS zake. Anayepiga sana na anayeperuzi sana wanalipa bei moja, kila mmoja kwa sababu yake. Protekta si hivyo. Imenunuliwa kwa 1,500, na ukimpa mtu anayeiona ina thamani ya 500, umetupa 1,000. Kwa mteja wa namna hiyo kava inapaswa kubaki rafuni kwa bei yake ya peke yake. Wachumi William Adams na Janet Yellen walionyesha mwaka 1976 kwamba mara nyingi kuuza kwa njia zote mbili, kifurushi na kimoja kimoja, kunalipa kuliko kushikilia njia moja. Fundi anayetaka kava tu, kwa thamani ya 12,000, atachukua kava kwa 10,000. Ukimlazimisha achukue kifurushi cha 13,500 ataondoka mikono mitupu.

Pale kaunta kuna jambo la pili linaloongezeka juu ya hilo. Mteja amekwisha kukubali simu ya 250,000, na keshia anamuuliza: "Nikubandikie na protekta?" Shilingi 9,000 zinapungua uzito zikikaa karibu na 250,000. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1981. Waliwauliza watu kama wangesafiri dakika 20 hadi duka jingine ili kuokoa dola 5 kwenye bei ya kikokotoo. Kikokotoo kilipokuwa cha dola 15, asilimia 68 walikubali. Kilipokuwa cha dola 125, waliokubali walikuwa asilimia 29. Dola ni zile zile 5. Kilichobadilika ni bei zilizokaa karibu nazo. Utafiti huo ulihusu kuokoa, si kuongeza kitu, kwa hiyo hauthibitishi moja kwa moja kinachotokea kaunta. Hata hivyo unaeleza kwa nini swali la protekta huulizwa baada ya simu kukubaliwa. Kumuuliza mtu protekta kabla hajachagua simu ni kumpa 9,000 aitazame peke yake.

Ni hapo hapo kaunta pia inapokuwa rahisi kumkosea mteja. Mtu anayepuuza 9,000 anaweza pia kukosa kuona kwamba kitu kimeongezwa bila yeye kuulizwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku, kwa kanuni zilizoanza kutumika Juni 2014, kumtoza mnunuzi nyongeza ambayo muuzaji alikuwa ameshaiwekea alama ya kukubali kwenye fomu. Mteja lazima aseme ndiyo yeye mwenyewe. Kwa duka letu maana yake ni swali linalosikika, bei inayotajwa kwa sauti, na protekta isiyobandikwa kabla ya jibu.

Sasa tatizo ambalo wenye maduka wengi hawalioni mapema, kwa sababu daftari la mauzo linalificha. Chukua wateja kumi wa duka ambalo bado halina kifurushi. Saba wananunua kava tu, watatu wananunua vyote viwili kwa bei kamili. Mauzo ni 70,000 na 57,000, jumla 127,000, na faida ni 92,500. Unaanzisha kifurushi cha 13,500 na wote kumi wanakichukua. Mauzo yanapanda hadi 135,000. Wastani kwa mteja unatoka 12,700 hadi 13,500, na mwenye duka anafurahi. Faida, ikihesabiwa, ni 90,000. Imeshuka kwa 2,500.

Ukimhamisha mteja wa kava tu kwenda kwenye kifurushi, unaongeza faida ya 2,000. Ukimpa kifurushi mteja ambaye angenunua vyote kwa bei kamili, unapoteza 5,500. Mteja mmoja wa aina hii ya pili anameza faida ya karibu watatu wa aina ya kwanza. Kwa bei hizi, wanaonunua vyote wakizidi kidogo robo ya wateja wako, kifurushi kinakula faida huku mauzo yakionekana kukua.

Kwa hiyo kabla ya kubandika bango, hesabu kwa wiki mbili ni wangapi wanaochukua vyote viwili bila kuombwa. Kama ni wengi, acha bei zilivyo na uweke nguvu kwenye swali la kaunta, kwa sababu swali halimpi punguzo mtu ambaye hakulihitaji. Kama ni wachache, anza kifurushi, acha kava na protekta ziendelee kuuzwa kimoja kimoja, na kila jioni andika faida ya kila mteja kando ya mauzo yake.