Kwa nini kazi "iliyokwisha" hurudi na kasoro?

*"Timu yetu ya Skramu ina mjaribu wa programu. Kwa nini basi kazi tuliyosema imekwisha hurudi na kasoro wiki inayofuata?"*

Mara nyingi ni kwa sababu mjaribu aliitwa mwisho, na majaribio yote yalikuwa ya aina moja. Nitaeleza kwa kazi niliyoijaribu mwenyewe hapa Nairobi: abiria wa matatu alipie nauli kwa M-Pesa kupitia programu ya sako yake.

Katika Skramu timu hufanya kazi kwa vipindi vifupi viitwavyo sprinti, na yetu ilikuwa ya wiki mbili. Kazi ilinifikia siku ya tisa, na majaribio madogo ya msimbo yote yalikuwa yamepita. Tukaitoa. Siku chache baadaye kondakta akatupigia: abiria mmoja amekatwa shilingi 80 mara mbili. Mtandao ulikuwa umezorota, skrini ikamwambia malipo yameshindikana, naye akabonyeza tena. Lakini malipo ya kwanza yalikuwa yamepita, jibu lake tu ndilo lililochelewa.

Msimbo ulifanya sawasawa kile mwandishi wake alichokusudia. Hakuna aliyekuwa ameuliza jibu likichelewa itakuwaje.

Mwaka 2003 mtaalamu wa majaribio ya programu, Brian Marick, alichora mraba uliogawanywa robo nne, nao wajaribu wenzake Lisa Crispin na Janet Gregory wakaueneza baadaye. Mraba huo unauliza maswali mawili. Jaribio hili linaiongoza timu wakati wa kujenga, au linakikosoa kilichokwisha kujengwa? Na je, linasema lugha ya mafundi au lugha ya biashara? Robo ya kwanza, ya mafundi na ya kuongoza, ndiyo majaribio madogo ya msimbo. Sisi tulikuwa tumejaa hapo tu. Namba za robo hizo hazimaanishi utaratibu wa kufuatana.

Iliyotuponyoka ni robo ya pili: mifano ya kibiashara inayokubaliwa kabla msimbo haujaandikwa. Kwangu mimi hapa ndipo mjaribu ana faida kubwa kuliko mahali pengine popote. Kazi ya malipo iliporudi, tuliketi watatu kwa nusu saa: mwenye bidhaa, yule anayeamua programu ifanye nini, mwandishi wa msimbo na mimi. Mfano wa kwanza ulikuwa rahisi, kwamba `ResultCode`, namba ya matokeo inayorudishwa na M-Pesa, ikiwa `0`, tiketi moja itoke. Wa pili, abiria akikataa kuweka PIN, jibu huwa `1032`, basi tiketi isitoke na kiti kiachiliwe. Kisha nikauliza: jibu likikawia sekunde 40? Mwenye bidhaa akafikiri, akasema skrini iandike "tunasubiri" na kitufe cha kulipa kifungwe hadi tujue hali ya malipo. Na jibu lilelile likija mara mbili, likiwa na `CheckoutRequestID` ileile, yaani kitambulisho cha ombi lilelile la malipo? Tiketi ibaki moja. Mifano hiyo minne tukaigeuza kuwa majaribio yanayojiendesha, na mwandishi akajenga akiielekea.

Robo ya tatu hukosoa kwa macho ya mtumiaji. Nilichukua simu ya bei nafuu, nikapanda matatu ya Thika Road kwa saa moja na lengo moja tu: kuvuruga malipo mtandao ukikatika. Niligundua kwamba ukitoka kwenye programu ili usome ujumbe wa M-Pesa, ukirudi ile "tunasubiri" imetoweka na kitufe kimefunguka. Hakuna mfano wetu uliokuwa umeliwaza hilo. Robo ya nne ni ya mzigo, kasi na usalama, kama vile malipo mengi kwa pamoja Ijumaa jioni.

Sasa, nini kiingie katika kigezo cha "imekwisha"? Mwongozo wa Skramu wa 2020 unasema kazi isiyotimiza kigezo hicho haitolewi wala haionyeshwi kwenye mapitio ya sprinti, bali hurudi katika orodha ya kazi. Kwa hiyo weka yale tu ambayo timu yenyewe inaweza kuyamaliza ndani ya sprinti, kwa kila kazi. Yetu ilisema: msimbo umepitiwa na mwenzio, majaribio madogo na ya mifano yamepita, uchunguzi wa mkono umefanyika na kila kasoro imerekebishwa au mwenye bidhaa ameiamulia, na kumbukumbu za mfumo hazina namba za simu za abiria. Jaribio la mzigo tuliliwekea sharti: kazi ikigusa malipo. Mifano minne ya malipo haikuingia humo, kwa sababu ni masharti ya kazi ile peke yake.

Sentensi moja niliipinga: "mjaribu ameidhinisha". Mwongozo huo hauna cheo cha mjaribu, wote wanaojenga wanaitwa waendelezaji. Ukiiandika, wengine huacha kupima na foleni huishia kwangu. Dalili yake huonekana kwenye ubao wa kazi za timu: safu ya "kujaribu" ni tupu wiki nzima, kisha siku mbili za mwisho inafurika.

Sprinti iliyofuata safu hiyo tuliifuta. Kitufe nacho kilirekebishwa na mwandishi wa msimbo, nikiwa nimeketi kando yake na ile simu ya bei nafuu.