Maziwa Yakimkataa Mtoto: Ni Sukari au Ni Protini?

Mtoto wangu ana miezi 3, ananyonya tu. Choo chake kina kamasi na michirizi ya damu. Mimi nikinywa maziwa ya ng'ombe tumbo hujaa gesi. Je, amerithi kwangu?

Sidhani, mama. Tatizo lako linaelekea kuwa la laktosi, yaani sukari ya maziwa. Sukari hii haifyonzwi mpaka ikatwe vipande viwili na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kilichoko kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Kwa watu wengi duniani laktasi hupungua baada ya utotoni. Laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana, huvuta maji, na bakteria huichachusha. Ndipo tumbo linanguruma, gesi inajaa, na pengine unaharisha. Inatesa, lakini haitoi damu.

Mtoto wa umri huo kwa kawaida ana laktasi ya kutosha. Damu kwenye choo inanifanya nifikirie mzio wa protini za maziwa ya ng'ombe. Hapa kimeng'enya hakihusiki kabisa: kinga ya mwili huiona protini kama adui, huishambulia, na ukuta wa utumbo huvimba na kuvuja damu kidogo kidogo.

Lakini hajawahi kuonja maziwa ya ng'ombe!

Yanamfikia kupitia kwako. Sehemu ndogo ya protini unayokula huingia kwenye damu yako, kisha kwenye maziwa ya titi. Laktosi haisafiri hivyo. Titi lenyewe huitengeneza, hata kwa mama asiyegusa maziwa kabisa.

Basi nianze kunywa maziwa yasiyo na laktosi?

Tumbo lako litatulia, lakini mtoto hatapona, na hapa akina mama wengi hupoteza wiki nzima nzima. Maziwa hayo yameondolewa sukari tu. Protini zote zimo, kasini ikiwemo. Ya mbuzi nayo hayafai, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Mpeleke kwanza kwa daktari, maana damu ina sababu nyingine pia, kama mchaniko mdogo wa njia ya haja. Akishuku mzio, atakuambia uache maziwa, mtindi, jibini, siagi na kila chakula chenye maziwa kwa wiki 2 hadi 4, huku ukiendelea kunyonyesha. Choo kikisafika, utarudia kula maziwa kwa makusudi. Damu ikirudi, mzio umethibitika. Usiiruke hatua hiyo ya kurudia, kwa sababu choo huweza kusafika chenyewe, ukabaki umejinyima chakula bure.

Kiasi kidogo tu kinaweza kumdhuru?

Mwenye shida ya laktosi mara nyingi huvumilia kikombe kimoja, chenye laktosi takriban gramu 12. Kwenye mzio, kiasi kidogo sana kinaweza kutosha. Upo pia mzio wa haraka, unaojitokeza ndani ya dakika chache hadi saa 2: vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, kutapika. Mtoto akipumua kwa shida au akilegea, mkimbize hospitali papo hapo.