Usiku wa chemsha bongo wa kuchangisha fedha: maana yake na jinsi haki inavyolindwa

Usiku wa chemsha bongo ni shughuli ya kuchangisha fedha ambayo watu hulipa kiingilio, wakaketi kwenye meza kama timu na kushindana kujibu maswali kwa maandishi. Mtu mmoja, mwendesha maswali, husoma swali kwa ukumbi mzima. Kila meza hunong'onezana, hukubaliana jibu moja na kuliandika kwenye karatasi. Hakuna kunyoosha mkono wala kushindana nani awahi kujibu, kwa hiyo hata mtu mwenye haya ana nafasi ya kuiokoa timu yake.

Mpangilio unaofaa kwa ukumbi wa kawaida ni raundi sita zenye maswali kumi kila moja. Kusoma na kujibu maswali kumi huchukua kama dakika kumi, na kusahihisha dakika tano hivi. Ukiongeza mapumziko katikati, mnamaliza ndani ya saa mbili na nusu watu wakiwa bado wamechangamka. Kila raundi huwa na mada yake: jiografia, michezo, muziki, sayansi, historia, na moja ya mchanganyiko. Idadi ya watu kwa meza iwe na kikomo, tuseme sita, na kiingilio kilipwe kwa kichwa. Mkitoza kwa meza, kuna watakaojibana kumi mahali pa sita, na hapo mtakuwa mmepoteza fedha huku mkiwapa vichwa vinne vya ziada.

Kuhusu fedha niseme jambo moja tu. Vyanzo ni kiingilio na michezo midogo ya pembeni wakati wa mapumziko, kwa mfano ule wa kurusha sarafu: kila aliyelipa husimama na kubashiri upande utakaolala juu, anayekosea huketi, hadi abaki mmoja. Kuna waandaaji ambao huuza pointi au vidokezo vya majibu kwa sababu "ni kwa ajili ya mchango". Sikubaliani nao. Meza yenye fedha nyingi ikishajulikana kuwa imenunua ushindi, meza nyingine hazitarudi, na shughuli hizi huishi kwa meza zinazorudi.

Sasa tuje kwa mwendesha maswali, kwa maana hapo ndipo usiku hunoga au huharibika. Wengi hudhani haki yake ni kutopendelea meza ya jamaa zake. Hiyo ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa huamuliwa siku kadhaa kabla, anapoandika maswali. Swali zuri lina jibu moja linaloweza kuthibitishwa, na si la mtego. Raundi nzuri huiacha meza bora na nane au tisa, na meza dhaifu na nne au tano. Baada ya raundi ya kwanza mtazame ubao: kama meza zote zina tisa na kumi, maswali ni mepesi na hayatenganishi timu; kama nyingi zina mbili, ameandika anayoyapenda yeye.

Chukua swali hili: "Nchi gani ni kubwa kuliko zote Afrika?" Linaonekana halina shida. Tuseme ukumbi una meza kumi na mbili. Tano zimeandika Aljeria, nne Sudani, tatu Nijeria. Kwenye karatasi ya mwendeshaji, aliyoinakili kutoka kitabu cha zamani, jibu ni Sudani. Lilikuwa sahihi hadi Julai 2011, Sudani Kusini ilipojitenga. Tangu hapo Aljeria ndiyo kubwa kwa eneo. Lakini wale wa Nijeria nao hawakukurupuka, kwa kuwa swali halikusema ni kubwa kwa eneo au kwa idadi ya watu, na kwa watu Nijeria ndiyo inayoongoza.

Zogo limeanza. Afanyeje? Akishikilia karatasi yake, anaadhibu meza nane zenye hoja. Njia rahisi inayowajia wengi ni kusema, "Basi wote chukueni pointi." Inasikika kama haki, na mara nyingi haidhuru, kwa sababu pengo kati ya timu halibadiliki. Ila timu nyingi za chemsha bongo hupewa nafasi ya kuchagua raundi moja ambayo pointi zake zitahesabiwa mara mbili, na hutangaza chaguo lao kabla raundi haijaanza. Meza iliyoichagua raundi hii itaondoka na pointi mbili za bure wakati jirani yake ana moja. Kulifuta swali hakuleti tatizo hilo: kila meza hupata sifuri, na sifuri mara mbili ni sifuri. Kasoro ya kufuta ni kwamba walioandika Aljeria wanapoteza haki yao. Kwa swali hili, mimi ningekubali Aljeria na Nijeria, kwa sababu zote mbili zinajibu swali kama lilivyosomwa, na kuikataa Sudani kwa kueleza mwaka 2011. Kufuta ningekuacha kwa swali ambalo hakuna awezaye kulithibitisha jibu lake pale pale.

Vyovyote atakavyoamua, aamue mara moja, atangaze kwa kipaza sauti, na uamuzi uwe kwa meza zote. Nahodha mmoja akimfuata pembeni na kurudi na pointi, wengine kumi na mmoja watapanga foleni. Ndiyo maana sheria hutangazwa mwanzoni: malalamiko hupokewa kabla raundi inayofuata haijaanza, makosa ya tahajia hayakatwi alama jina likieleweka, nusu pointi haipo, na simu hubaki mfukoni.

Kusahihisha nako kuna ujanja wake. Timu hubadilishana karatasi, lakini zisibadilishane mbili kwa mbili. Meza ya tatu ikisahihisha ya nne huku ya nne ikisahihisha ya tatu, ni rahisi kulindana au kulipizana kisasi. Karatasi zizunguke upande mmoja: ya kwanza kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, hadi ya mwisho irudi kwa ya kwanza. Msahihishaji aandike namba ya meza yake chini ya jumla. Kisha mtunza alama, ambaye si mwendeshaji, apitie jumla kabla ya kuzipandisha ubaoni, maana makosa mengi ninayoyaona ni ya kujumlisha tu. Ubao uonekane na wote baada ya kila raundi. Kosa likigunduliwa raundi ya pili hurekebishwa bila kelele, lakini likigunduliwa baada ya zawadi kutolewa, hakuna wa kulirekebisha kwa amani.

Mkifika mwisho timu mbili zikiwa sare, msiulize swali la kawaida, kwa sababu zote zinaweza kulijua au kulikosa. Ulizeni la namba, na ashinde aliyekaribia zaidi. Kwa mfano: umbali wa wastani kutoka Dunia hadi Mwezi ni kilomita ngapi? Kila timu iandike kimya kimya, na karatasi zifunuliwe pamoja. Timu moja imeandika 350,000, nyingine 400,000. Jibu ni takribani 384,400. Ya kwanza imepungukiwa na 34,400, ya pili imezidisha kwa 15,600, kwa hiyo ya pili ndiyo mshindi. Mwendeshaji aseme kabla ya kuuliza kwamba kuzidisha na kupunguza vyote huhesabiwa sawa, la sivyo timu iliyopungukiwa itadai kwamba aliyepita jibu ametoka.