Je, wajua? Faida ya banda la chipsi huanza sahani ya 501

"Kwenye grafu ya gharama na mauzo, mbona mstari wa gharama zote hauanzii sifuri kama wa mauzo? Usipouza kitu, si hujatumia kitu?"

Mwenye fremu haulizi umeuza sahani ngapi. Tarehe ikifika anataka pango lake, na kijana wa kukaanga anataka mshahara wake hata kama mwezi mzima ulikuwa wa mvua na wateja hawakutoka.

Tuchukue banda la chipsi la mfano. Kwa mwezi pango ni shilingi 150,000, mshahara 200,000, ushuru na umeme wa taa 50,000. Jumla 400,000. Hizo ni gharama za kudumu. Si kwamba hazipandi kamwe, maana pango hupanda kila mwenye nyumba anapojisikia. Ni kwamba hazifuati idadi ya sahani. Viazi, mafuta, mkaa, kachumbari na mfuko wa kufungia ndivyo vinavyoifuata idadi hiyo, kwa hiyo huitwa gharama zinazobadilika. Hapa tuseme ni 1,200 kwa sahani, na sahani inauzwa 2,000.

Kila sahani, basi, inabakiza 800. Hiyo si faida bado. Ni mchango wa sahani hiyo katika kulipa zile 400,000. Gawanya 400,000 kwa 800, unapata sahani 500. Ukiuza siku 26 kwa mwezi, ni kama sahani 20 kwa siku. Kabla ya hapo unamfanyia kazi mwenye fremu. Sahani ya 501 ndiyo ya kwanza kukuachia 800 yako.

Sasa ichore kwenye karatasi ya miraba. Mhimili mlalo uwe wa sahani, kutoka 0 hadi 1,000. Mhimili wima uwe wa shilingi, kutoka 0 hadi milioni 2. Gharama za kudumu ni mstari uliolala kwenye 400,000. Gharama zote zinaanzia hapo hapo juu ya mstari huo, kisha zinapanda hadi 1,600,000 kwenye sahani 1,000. Mauzo yanaanzia sifuri na kufika milioni 2, yaani mstari wake ni mkali zaidi, na ndiyo maana unaukamata ule wa gharama. Inapokutana, shuka chini utasoma 500. Nenda kushoto utasoma milioni 1.

Kusoma faida, simama kwenye idadi ya sahani na upande wima. Kwenye 700, mauzo ni 1,400,000 na gharama zote 1,240,000. Pengo ni 160,000, nayo ni faida. Kosa ninaloliona sana ni mtu kupima pengo kutoka mauzo hadi mstari uliolala. Anapata milioni nzima na kushangilia, kumbe viazi na mafuta hajavitoa.

Kwenye 300, mstari wa mauzo uko chini na pengo ni hasara ya 160,000. Lakini tazama sifuri: banda likifungwa huku pango na mshahara vinadaiwa, hasara ni 400,000 kamili. Kwa hiyo mwezi mbaya wa sahani 300 bado ni nafuu kuliko kufunga, mradi kila sahani inabakiza kitu.

Mafuta yakipanda na gharama ya sahani ikafika 1,400, mstari wa gharama zote unaanzia pale pale ila unapanda kwa ukali zaidi. Mchango unashuka hadi 600, na 400,000 kwa 600 ni 666.67. Hakuna mteja wa theluthi mbili, kwa hiyo unapandisha: sahani 667. Pango likipanda kwa 80,000 badala yake, mstari wote unanyanyuka bila kubadili mwinamo, na makutano yanahamia sahani 600.

Grafu ina uongo wake mdogo. Inachukulia kwamba kila kilichokaangwa kimeuzwa, wakati chipsi za saa nne usiku zilizolala kwenye kabati la kioo zimeshakula viazi na mafuta. Mkaa nao haukai sawasawa upande wowote: moto wa kwanza unawashwa hata mteja asipokuja, unaofuata ndio unaofuata sahani. Na karai moja lina mwisho wake. Likizidiwa, unanunua la pili na kuajiri kijana mwingine, na ule mstari uliolala unaruka kama ngazi: mshahara wa 200,000 ukiongezeka, hapo hapo unahitaji sahani 250 zaidi kabla ya kurudi ulipokuwa.