Kufunga klipu zote kwenye Nest si kusafisha taimlaini

Taimlaini ikifika dakika 40 na klipu zimerundikana hadi traki ya video V7, ushauri unaosikika kila mara ni uleule: chagua zote, bofya Nest, kazi imekuwa safi. Hapana! Kwenye Premiere Pro, programu ya kuhariri video, Nest huhamishia klipu zako ndani ya sikwensi nyingine. Fujo inabaki vilevile, ila sasa huioni.

Chukua mahojiano ya mkulima, yenye kamera mbili na jina lake kwenye skrini, yaliyofungwa kwenye Nest. Mwanzo wake umetumika dakika ya 8. Kisha klipu ikanakiliwa, na mwisho wake ukatumika dakika ya 31. Nakala hiyo si sikwensi mpya, zote mbili zinasoma sikwensi ileile. Ukiingia ndani ukakata sekunde 2 za kikohozi mwanzoni kwa Ripple Delete, inayofuta na kuziba pengo, maneno yote yanayofuata yanawahi kwa sekunde 2. Klipu za nje hazina habari. Ile ya dakika ya 8 inapitiliza hadi kwenye sentensi uliyokuwa umeiacha. Ile ya dakika ya 31 inaanza katikati ya neno na kuishia kwenye weusi, na mistari ya mshazari mwishoni mwake ndiyo dalili.

Kabla ya kutumia Nest ileile mara ya pili, nenda kwenye Project, bofya kulia kwenye sikwensi yake, chagua Duplicate, ipe jina lake, kisha weka hiyo mpya. Nest yenyewe iachie vipande ambavyo ukataji wake umekwisha, au pale Warp Stabilizer inapogoma kwa sababu klipu imebadilishwa kasi.

Kuifungua hakuna kitufe kimoja. Zima ile alama ya Nest iliyo juu kushoto kwa taimlaini, kisha buruta sikwensi upya kutoka Project, na klipu zitaingia mojamoja. Efekti ulizoweka juu ya Nest hazitakuja nazo, kwa hiyo zinakili kwanza.

Wengine husema rangi za klipu ni mapambo. Ukizipa klipu zote za mahojiano rangi moja, chagua moja, na Select Label Group inazikamata zote kwa mara moja, hata zikiwa 200.

Kuna wanaoamini maka, zile alama unazobandika kwenye taimlaini, hufuata picha popote. Maka ya sikwensi hubaki palepale ukikata kitu kabla yake, mpaka uwashe Ripple Sequence Markers kwenye menyu ya Markers. Noti inayohusu picha fulani ibandike kwenye klipu yenyewe: ichague kwanza, ndipo ubonyeze M.

Na traki tupu si uchafu. Mahojiano A1 na A2, sauti za mazingira A3 na A4, muziki A5 na A6, hata sehemu isiyo na muziki. Mteja akitaka toleo lisilo na muziki, unazima A5 na A6, unatoa faili.