«Nearest» ni ya kukuzia, si ya kupunguzia: dhana potofu kuhusu kugeuza picha kuwa sanaa ya pikseli

Wiki iliyopita kijana mmoja anayetengeneza mchezo wa simu aliniletea picha ya bibi yake. Anataka bibi awe muuza duka ndani ya mchezo, uso wake ukae kwenye mraba wa pikseli 64 kwa 64. Alikuwa amejaribu mwenyewe, na matokeo yalimkata maini: fremu ya miwani imekatika vipande vipande, hereni moja ipo na nyingine haipo, na khanga imeota mistari ambayo kwenye picha haikuwepo kabisa. Nikamuuliza alipunguzaje. Akajibu, «Kaka, si nilichagua Nearest? Kila mtu anasema pixel art ni Nearest.»

Nearest ni mojawapo ya njia ambazo programu za picha zinakupa unapobadilisha ukubwa wa picha, na jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno. Leo nalichambua hadi mwisho, kisha nipitie mengine machache yanayoletwa pamoja nalo.

Dhana: Ukipunguza kwa Nearest, unapata pikseli zenye kingo kali

Tuanze na hesabu. Sehemu ya uso wa bibi tuliyoikata ilikuwa na pikseli 1920 kwa 1920. Kuifikisha 64 kwa 64 maana yake kila pikseli mpya inasimama badala ya mraba wa pikseli 30 kwa 30, yaani pikseli 900. Nearest inafanya nini na hizo 900? Inaokota moja, ile iliyo karibu na katikati ya mraba, na kutupa 899. Haiangalii kama hiyo iliyookotwa ni ngozi, ni mng'ao wa taa au ni chembe ya vumbi kwenye lenzi. Imekaa pale, basi imechaguliwa.

Sasa tazama miwani. Fremu yake ni nyembamba, unene wa kama pikseli 8 kwenye picha kubwa. Mahali pa kuokotea panarudi kila baada ya pikseli 30. Kwa hiyo mstari wima wa fremu una nafasi 8 katika 30 ya kuangukiwa, pungufu ya theluthi. Ukiangukiwa, unatokea mweusi tii. Usipoangukiwa, unatoweka kabisa. Na kwa kuwa fremu imepinda, inaangukiwa mstari huu, inakosa miwili inayofuata, inaangukiwa tena. Ndiyo vile vipande alivyoviona. Hereni ya kushoto ilibahatika, ya kulia haikubahatika. Khanga nayo ina vidoti vidogo vilivyojipanga kwa mpangilio wao, mahali pa kuokotea pana mpangilio wake, na mipangilio miwili ikikutana bila kulingana inazaa mistari ya uongo.

Kama huniamini, fanya jaribio hili. Kata picha ileile tena, safari hii usogeze mkato pikseli 10 kulia, halafu punguza kwa Nearest. Weka matokeo mawili bega kwa bega. Kwa picha ya bibi, jicho la kushoto lilipoteza mng'ao wake na hereni zikabadilishana: iliyokuwepo ikapotea, iliyopotea ikarudi. Njia inayobadilisha sura ya mtu kwa kusogeza mkato upana wa theluthi moja ya pikseli mpya ni bahati nasibu.

Njia sahihi ya kupunguzia picha ya kamera ni kuchukua wastani wa zote 900. Kwenye programu nyingi utaikuta kwa jina Box au Area. Fremu iliyochukua 8 katika 30 ya mraba inatoa pikseli yenye weusi wa robo hivi. Imefifia, ndiyo, lakini ni mstari usiokatika, na upo kila mahali panapostahili. Mstari uliofifia naweza kuukoleza kwa mkono. Uliokatika inanibidi nikisie ulipita wapi.

Hapo ndipo watu wananiambia, «Lakini wastani unatia ukungu.» Hapana. Ukungu unaouona ni kwa sababu unaitazama picha ya 64 kwa 64 ikiwa imekuzwa na programu inayolainisha. Ukali wa sanaa ya pikseli unatoka sehemu mbili, na zote zinakuja baada ya kupunguza. Ya kwanza ni kupunguza rangi: zikibaki 16, zile za kati zinalazimishwa kuchagua upande, na kingo zinarudi. Ya pili ni kukuza mwishoni, na hapa ndipo Nearest inapostahili sifa zote. Wakati wa kukuza hakuna kinachotupwa, kila pikseli inanakiliwa tu kuwa mraba. Kuza kwa namba kamili, mara 8 au mara 10. Ukikuza mara 7.5, baadhi ya pikseli zitakuwa na upana wa 7 na nyingine 8, na jicho linaliona hilo mara moja.

Kwa ImageMagick, programu ya picha inayoendeshwa kwa kuandika amri, kazi ya bibi ilikwenda hivi:

```
magick bibi.jpg -colorspace RGB -filter Box -resize 64x64 -colorspace sRGB ndogo.png
magick ndogo.png +dither -colors 16 rangi16.png
magick rangi16.png -filter Point -resize 800% kubwa.png
```

Ile `Point` ya mstari wa tatu ndiyo Nearest kwa jina jingine. Na zile `-colorspace` za mstari wa kwanza msizifute mkidhani ni mapambo. Namba za rangi ndani ya faili hazilingani moja kwa moja na kiasi cha mwanga. Vidoti vyeusi na vyeupe vikiwa nusu kwa nusu, jicho la mtu aliye mbali linaona kijivu cha karibu 188 katika 255, ila programu inayojumlisha namba na kugawa kwa mbili inakupa 128. Khanga inatoka nyeusi kuliko ilivyo. Kwenye ngozi laini tofauti ni ndogo, kwenye kitambaa chenye nakshi ni kubwa.

Ninachoshauri kila mara: baada ya mstari wa kwanza, simama. Fungua `ndogo.png` na uchore fremu ya miwani upya kwa mkono, pikseli moja moja. Ya bibi ilikuwa na pikseli kama 40 tu. Hakuna kichujio kinachojua kwamba bila ile miwani wajukuu hawamtambui bibi yao.

Dhana: Picha yenye megapikseli nyingi inatoa mchoro wenye mambo mengi zaidi

Kijana yuleyule aliomba jina la khanga lisomeke. Herufi kubwa ndogo kabisa inayosomeka inahitaji kama pikseli 3 za upana na 5 za kimo, pamoja na pikseli moja ya nafasi. Jina la herufi 20 linataka pikseli 80, na sisi tuna 64. Piga picha kwa kamera yoyote uitakayo, hizo 80 haziingii. Kinachosaidia ni mwanga wa upande unaotenganisha pua na shavu, pamoja na kukata karibu na uso.

Dhana: Paleti ya «optimum» inajua rangi zipi ni muhimu

Inajua zipi ni nyingi. Paleti ni orodha ya rangi zinazobaki kwenye picha, na «optimum» ni ile ambayo programu inajichagulia yenyewe. Njia ya zamani inayotumika hadi leo, aliyoieleza Paul Heckbert mwaka 1982, inagawa rangi zote za picha katika mafungu, na kila fungu linagawanywa pale ambapo nusu ya pikseli zinabaki huku na nusu kule. Bibi alipigwa picha mbele ya ukuta wa bluu wenye kivuli kinachokolea polepole, na ukuta ulichukua zaidi ya nusu ya picha. Kati ya rangi 16, saba zilikwenda kwenye ukuta. Ngozi yake, yenye hudhurungi iliyokolea, nyekundu ya joto kwenye mashavu na mng'ao kwenye paji la uso, ilipewa tatu. Uso ukawa bapa kama umepakwa rangi ya mlango.

Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona nyuso nyingi za watu weusi zikiharibiwa hivi na mtu akaambiwa picha yake ina giza. Tatizo lipo kwenye mgao. Jaza ukuta kwa rangi moja ya bluu kabla ya kupunguza rangi, na nafasi zinarudi usoni. Bibi alipata sita za ngozi, na ghafla ana mashavu. Kuongeza rangi hadi 32 kusingetibu kitu, kwani ukuta ungekula sehemu kubwa ya nyongeza.

Dhana: Washa Dither, itaonekana ya kizamani

Dither ni kunyunyiza nukta za rangi mbili ili jicho lizichanganye na kuona rangi ya tatu. Njia ya Floyd na Steinberg ya mwaka 1976 inachukua kosa la kila pikseli, yaani tofauti kati ya rangi iliyotakiwa na iliyopatikana, na kuligawia majirani: sehemu 7 za 16 kulia, 3 chini kushoto, 5 chini, 1 chini kulia. Kwenye kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, yenye kioo cha 512 kwa 342 na nyeusi na nyeupe tu, unyunyizaji ulifanya kazi kwa sababu nukta zilikuwa nyingi na ndogo.

Kwenye 64 kwa 64, jicho la bibi lina upana wa pikseli nne. Ukilirushia makosa ya paji la uso, mboni inageuka mchanga. Ndiyo maana niliweka `+dither`, ambayo kwa ImageMagick inazima. Ukitaka kunyunyiza, nyunyiza anga au ukuta, tena kwa njia ya Bayer yenye gridi isiyobadilika, ambayo programu ya picha ya GIMP inaiita Positioned. Kwa mchezo hilo lina uzito zaidi: bibi akipepesa macho, kosa la pikseli zilizobadilika linasambaa kulia na chini kwa Floyd-Steinberg, na ukuta ambao haujaguswa unaanza kuchezacheza. Gridi ya Bayer inatulia.

Dhana: Faili ni dogo, basi litume tu kama picha kwenye WhatsApp

Itageuzwa JPEG, ambayo inafanya kazi kwa vipande vya 8 kwa 8 na kutia vivuli pembeni ya kila ukingo mkali. Rangi zako 16 zinafika zikiwa mamia. Hifadhi PNG, na unapotuma, bonyeza Document badala ya Gallery.